Jiko Hili Lina Kasoro Gani?

Majuzi kijana mmoja anayeuza majiko ya mkaa alinifuata na karatasi, akaomba niisome hapa hewani. Nitakusomea kama alivyoileta, kisha tukae tuizungumze.

"Mama, umechoshwa na gharama za mkaa? Suluhisho limefika! Jiko la kisasa, jiko la kipekee, linaokoa mkaa hadi asilimia 70! Halina moshi, ni salama kwa familia yako, na linadumu milele! Bei chee! Wahi sasa kabla hayajaisha!"

Nilipomaliza kuisoma mbele yake, akaniambia hivi: "Shikamoo tena mama, ila naomba isisikike kama tangazo. Watu wamechoka na matangazo. Isikike kama mtu anamwelekeza mwenzake."

Nilikwenda nyumbani na ombi lile. Usiku nikakaa mezani, nikaandika. Nikafuta alama zote za mshangao, nikafuta "wahi sasa", nikaandika hivi: "Jamani, mwanzoni hata mimi sikuamini. Jirani yangu ndiye aliyeniambia habari za jiko hili, nikalinunua kwa shingo upande. Leo hata ukinipa gesi ya bure siliachi. Kasoro yake ni moja tu, majirani hawaishi kuja kuliazima."

Nikaisoma kwa sauti. Ilisikika vizuri, laini, kama maneno ya barazani. Nikaichana.

Sababu ni hii. Sikuwa nimelinunua jiko lile. Sikuwa nimelitumia hata kuchemshia chai. Jirani niliyemtaja hakuwapo. Karatasi ya kijana ilikuwa na makelele, lakini ilijitangaza wazi kuwa ni biashara, na wewe msikilizaji ukiisikia unajua namna ya kuipokea: unasikia asilimia 70, moyoni unapunguza. Karatasi yangu ilikuwa inakunyang'anya hata hiyo tahadhari. Ilikuwa tangazo lilelile, nimelivisha kanga ya shoga yako.

Naomba tusimame kidogo kwenye hiyo kasoro ya majirani, kwa sababu utaisikia mara nyingi siku hizi, na mtu anayejifunza kuandika maelekezo ya bidhaa huifikia haraka sana. Kaambiwa kwamba mwelekezaji mkweli hutaja na ubaya wa kitu, basi anatafuta ubaya usiouma. Keki hii ubaya wake ni tamu mno, utamaliza peke yako. Sabuni hii ubaya wake nguo zinang'aa hadi watu wanauliza. Kuitambua kasoro ya bandia ni rahisi. Jiulize: baada ya kuisikia, yupo mtu yeyote atakayesema, "Aa, basi hiki si changu, sitanunua"? Kama hayupo, hiyo ni sifa iliyopewa jina la kasoro. Kasoro ya kweli humpotezea muuzaji wateja kadhaa, na ndiyo maana inaaminika.

Asubuhi nikampigia kijana. Nikamwambia, "Mwanangu, maneno ninayo, ushahidi sina. Niletee jiko moja nikae nalo siku kumi."

Alileta. Wengi wenu mnalijua: kwa nje bati, kwa ndani chungu cha udongo uliochomwa, chini kuna kijimlango cha kuingizia hewa na kutolea majivu. Na hapohapo neno la kwanza kwenye karatasi likaanguka, neno "la kipekee". Majiko ya namna hii yalianza kusambaa Kenya miaka ya 1980, mafundi wa huko wakiwa wameunganisha jiko la bati tulilolizoea na chungu, wazo walilolipata kutoka majiko ya Thailand. Leo mafundi chungu nzima wanayatengeneza, Nairobi na hapa Dar es Salaam pia. La kijana wetu ni zuri, nitasema, lakini si peke yake duniani. Na ukiona neno "la kipekee" katika tangazo lolote, lifute kwanza, kisha uone kama sentensi imepoteza kitu. Mara nyingi haipotezi chochote.

Sasa tuje kwenye ile asilimia 70. Ukitazama vizuri, karatasi haikusema jiko linaokoa asilimia 70. Ilisema "hadi" asilimia 70. Kineno hicho kidogo kina kazi kubwa: hata likiokoa asilimia tano, tano imo ndani ya "hadi 70", na hakuna wa kukushtaki. Pia haikusema linaokoa kuliko nini. Kuliko jiko la bati tupu? Kuliko mafiga matatu na kuni? Kuliko jiko bovu lililotoboka? Takwimu isiyo na mwenzake wa kulinganishwa naye ni sawa na kusema "mimi ni mrefu kuliko".

Nilichofanya ni kupima. Sikuhitaji maabara, nilihitaji mizani ya jikoni na uvumilivu. Nilinunua mkaa gunia moja ili siku zote niutumie mkaa uleule, maana mkaa wa mti mgumu na wa mti laini hauwaki sawa. Nikachukua sufuria moja, mfuniko wake, na maharage kilo moja kila safari, bila kuyaloweka. Kabla ya kuwasha, napima mkaa. Yakiiva, naondoa makaa yaliyobaki kwa koleo, nayatia kwenye debe la bati lenye mfuniko nayafunika mpaka yazimike kwa kukosa hewa, kisha yakipoa nayapima tena. Tofauti ya kwanza na ya pili ndiyo mkaa uliotumika. Ukiyazima kwa maji hesabu imeharibika, kwa sababu utakuwa unapima na maji.

Nilipika mara tatu kwenye jiko langu la bati, mara tatu kwenye hili la chungu. Mara tatu, kwa sababu siku moja upepo unavuma, siku nyingine maharage ni ya zamani na hayaivi upesi. La bati lilikula gramu 900 hivi kila mara. La chungu lilikula kama gramu 600. Theluthi moja imeokolewa. Si asilimia 70, lakini kwa mtu anayepika kila siku, theluthi si kitu cha kudharau.

Lakini subirini, maana siku ya nne nilichemsha chai, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna karatasi ingeniambia. Chai ya vikombe vinne haikuokoa mkaa wowote. Majiko yote mawili yalikwenda sawasawa, na la chungu lilichelewa kidogo kushika. Ukifikiria, inaeleweka. Chungu ni kinene, na kabla hakijakuletea faida lazima kwanza kinywe moto chenyewe mpaka kipate joto. Baada ya hapo kinaushikilia ule moto usipotee pembeni, na ndiyo maana kwenye maharage ya saa mbili kinakulipa. Chai ya dakika ishirini inakwisha chungu ndiyo kwanza kinaanza kupata joto.

Hiyo, msikilizaji, ndiyo kasoro yenye kuuma. Mtu anayeishi peke yake, anayepika chai asubuhi na kukaanga mayai jioni, hana sababu ya kutoa pesa ya ziada kwa jiko hili. Nikisema hivyo kijana anapoteza mteja. Na papo hapo, mama mwenye watoto watano anayechemsha makande anajua kwamba nimepika kweli, kwa sababu mtu asiyepika hawezi kuivumbua kasoro ya chai.

Kuna jambo jingine la uandishi hapo. Gramu ni kipimo changu mimi na mizani yangu, si kipimo cha sokoni. Wengi wetu tunanunua mkaa kwa kopo. Nyumbani kwangu kopo la maziwa ya unga linabeba gramu 300 na kidogo. Basi badala ya asilimia, nikaandika: "Maharage yaliyokuwa yakinimalizia makopo matatu, sasa yananimalizia mawili." Sentensi hiyo mtu anaibeba kichwani hadi gengeni, na anaweza kuihakiki mwenyewe kwa kopo lake. Ikiwa nimedanganya, atanishika kwa siku moja. Maelekezo ya kweli yana tabia hiyo, yanampa anayesikia namna ya kukukamata.

Sasa nafika mahali ambapo nilikasirika, na naomba mnivumilie nikae hapo. Karatasi ilisema, "Halina moshi, ni salama kwa familia yako."

Nusu ya kwanza karibu ni kweli. Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi. Lakini nusu ya pili imeegemezwa juu ya ya kwanza kana kwamba kisicho na moshi hakina madhara, na hapo mtu anaweza kufa. Mkaa unaowaka, hasa pale hewa inapokuwa haba, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni ukijaa chumbani unakukohoza, unatoka nje kwa lazima. Gesi hii haikufukuzi. Inakuletea kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi, na mtu anadhani ni uchovu wa kawaida, anajifunika blanketi. Na jiko la chungu, kwa uzuri wake uleule wa kutunza moto muda mrefu, ndilo linalomshawishi mtu wa Njombe au Makete, wakati wa baridi kali ya Juni na Julai, kuliingiza ndani lipashe chumba joto, kufunga mlango na dirisha, na kulala.

Kwa hiyo neno "salama" sikulitafutia neno laini zaidi. Nililitoa lote, na mahali pake nikaandika onyo: pikia nje au mahali penye hewa inayopita, na usilale nalo chumbani hata likiwa limebaki makaa machache yaliyofunikwa na majivu. Wapo waandishi wa matangazo watakaosema onyo kama hilo linaharibu mauzo. Mimi naona mtu aliyekupa onyo hilo ndiye unayeweza kumwamini anapokuambia habari za makopo mawili. Na tuweke wazi pia kwamba hapa nchini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara, na kupotosha si lazima iwe uongo mtupu. Kweli iliyopangwa vibaya nayo hupotosha.

"Linadumu milele" halikunichukua muda. Niliuliza waliokaa nalo. Mama ntilie mmoja jirani na kituo chetu anatumia majiko mawili ya aina hii. Akaniambia, "Dada, adui wa chungu ni maji." Ukilizima kwa kumwagia maji likiwa la moto, chungu kinapasuka. Likinyeshewa, kinalegea kwenye bati. Siku ya kwanza ukilijaza mkaa tele, linaweza kutoa ufa, hivyo linaanzwa kwa moto mdogo. Na ugali mkubwa unalitesa, kwa sababu anayesonga anaikandamiza sufuria, na zile sehemu tatu za juu ambapo sufuria inakaa huvunjika. Yeye ugali wa wateja anausonga kwenye jiko zito la chuma, la chungu analiachia maharage, nyama na wali. Huyu mama ndiye jirani wa kweli niliyekuwa nimemtunga usiku ule, na alikuwa na maneno bora kuliko niliyomtungia.

Kabla sijaisoma karatasi mpya, kuna sentensi moja tuliyobishana sana juu yake, nayo ni ile ya kwanza kabisa. Mimi nilipewa jiko bure. Kituo kimelipwa kwa dakika za kulisoma tangazo hili. Kijana alitaka hilo lisemwe mwishoni, kwa haraka, kama zile sauti za "vigezo na masharti kuzingatiwa" zinazokimbia hata usizisikie. Nilimweleza kwamba msikilizaji wa redio hana njia ya kurudi nyuma. Anayesikia sifa kwanza anakuwa ameshaamini, na anayezima redio katikati haambiwi kamwe. Tena, haijalishi nimeandika kwa upole kiasi gani: kama pesa imetolewa, hili ni tangazo, na kuandika kwa ukweli hakuligeuzi kuwa kitu kingine. Kunaligeuza kuwa tangazo la kweli. Kwa hiyo sentensi hiyo inakaa mbele, kwa mwendo uleule wa sauti.

Basi hii hapa:

"Hili ni tangazo la kulipiwa, na jiko ninalolisema nilipewa bure nilijaribu. Nimepika nalo siku kumi. Ni jiko la mkaa la bati lenye chungu ndani. Kwenye jiko langu la bati tupu, kilo moja ya maharage ilikuwa inanimalizia makopo matatu ya mkaa. Kwenye hili, mawili. Kwa chai sikuona nafuu yoyote, na linachelewa kushika, kwa hiyo kama unapika vitu vya haraka tu, baki na lako. Usilizime kwa maji, lisinyeshewe, na siku ya kwanza liwashe kwa moto mdogo. Kwa ugali wa watu wengi si imara vya kutosha. Lipikie penye hewa, na usilale nalo ndani, hata kwa baridi, kwa sababu mkaa una gesi inayoua bila harufu. Mimi nimelibakiza kwa maharage na makande."

Ukilinganisha na ile ya kwanza utaona kwamba ya kwanza ilikuwa na sifa saba na hakuna hata kitu kimoja kilichotokea. Hii ina sifa moja tu, ya makopo mawili, na mengine yote ni mambo yaliyotokea mahali fulani kwa mtu fulani. Sikutumia "mwanzoni sikuamini", kwa sababu si kweli, sikuwa na shaka wala imani. Sikusema "bora kuliko yote", maana nimejaribu mawili. Na "bei chee" nimeitoa kabisa: bei ni ya muuzaji kuitaja kwa shilingi, na uchee wake utaupima wewe na mfuko wako.

Kijana alipoisoma alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba nitoe sentensi ya chai. Nikakataa. Nikamwambia anaweza kwenda na karatasi yake ya zamani kwa mtu mwingine, lakini nikiitoa chai, makopo mawili nayo sitayasema. Akaizungusha ile karatasi mkononi, halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mama, mbona hujasema kwamba chungu kikivunjika kinabadilishwa? Bati linabaki, fundi anang'oa kile cha zamani anajengea kipya. Si lazima ununue jiko zima."

Sikuwa nalijua hilo. Nikamuuliza mnunuzi atajuaje kwamba chungu kipya ni kizima. Akaniambia wao hukigonga kwa kidole kabla hawajakijengea kwenye bati. Kilichoiva vizuri motoni kinalia wazi, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Mnunuzi anaweza kuomba kigongwe mbele yake. Jambo hilo, la manufaa kuliko yote kwa mwenye jiko lililopasuka, halikuwamo kwenye karatasi yake kwa sababu karatasi yake ilikuwa imesema jiko halivunjiki milele. Tukaliongeza, baada ya sentensi ya maji na mvua.

Tangazo lilisomwa Jumatatu. Jumanne akapiga simu mama mmoja kutoka Mbagala. Hakuuliza bei, hakuuliza duka liko wapi. Aliuliza, "Dada, sufuria ndogo kabisa inayokaa juu yake bila kuzama ndani ni ya ukubwa gani? Mimi napikia mtoto uji." Siku kumi nilikuwa nimepika na sufuria ileile moja ili vipimo vyangu visiharibike, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Nikamwomba namba yake, na jioni nikashusha sufuria zote kabatini, nikazipandisha jikoni moja baada ya nyingine. Ya uji ilizama.